Namba Ndogo Iliyofukuza Mizizi Kumi

Kama una kalamu na kipande cha karatasi karibu, vichukue, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Usiogope. Sehemu kubwa ya hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili, na pale itakapokuwa nzito nitaibeba mimi, wewe utasikiliza tu.

Swali la leo ni hili. Tuseme unao mlinganyo, na majibu yake yote unayajua: ni 1, 2, 3, na kuendelea mpaka 20. Majibu ishirini, namba nzima, hakuna desimali. Anakuja mtu anaigusa namba moja tu ndani ya mlinganyo huo. Anaibadilisha kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya milioni nane hivi. Je, yale majibu ishirini yatasogea kiasi gani?

Wengi tutajibu kwamba yatasogea kidogo tu, kwa sababu kilichobadilika ni kidogo. Ni jibu la busara, lakini si sahihi. Katika mlinganyo nitakaokueleza, majibu kumi kati ya ishirini yanaacha kabisa kuwa namba za kawaida. Hayasogei tu, yanatoka kwenye mstari wa namba. Na jambo hili halikugunduliwa na mwalimu aliyekuwa akitunga fumbo. Lilimkuta mtaalamu mmoja wa Uingereza kazini, mbele ya kompyuta, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuna jambo lililomshtua zaidi ya hilo katika kazi yake yote ya hesabu za kompyuta.

Tuanze mbali kidogo, ili twende pamoja.

Chukua karatasi yako uandike mabano mawili: (x − 1)(x − 2). Yafungue. Utapata x² − 3x + 2. Hii ni polinomia. Ile 3 iliyotangulia x, pamoja na alama yake, na ile 2 iliyosimama peke yake, tutaziita koefisienti. Na zile thamani za x zinazoifanya polinomia nzima iwe sifuri, yaani 1 na 2, ndizo mizizi yake. Basi, hayo ndiyo maneno matatu ya leo: polinomia, koefisienti, mizizi.

Angalia kwamba umeandika kitu kilekile kwa njia mbili. Ikiwa ndani ya mabano, mizizi unaiona kwa macho: 1 hii hapa, 2 ile pale. Ukishayafungua mabano, mizizi imejificha ndani ya koefisienti na inabidi uitafute. Shuleni tulifundishwa kwamba maandishi hayo mawili ni sawa, na kwa kalamu na karatasi ni sawa kweli. Shida inaanza pale koefisienti zinapoandikwa kwa tarakimu zenye kikomo, jambo ambalo kila kompyuta na kila kikokotoo hulifanya.

Sasa mfano wa kwanza. Andika (x − 1)(x − 1), yaani mabano mawili yanayofanana. Ukiyafungua unapata x² − 2x + 1, na mzizi ni 1, umejirudia mara mbili. Iguse ile 1 ya mwisho. Badala ya 1 weka 0.9999. Umepunguza sehemu moja tu ya elfu kumi. Mizizi sasa ni ipi? Ukifanya hesabu utapata 0.99 na 1.01. Yaani koefisienti imesogea kwa sehemu moja ya elfu kumi, na mizizi imesogea kwa sehemu moja ya mia. Mzizi umesogea mara mia zaidi ya kile kilichousukuma. Na kama ungeongeza badala ya kupunguza, ukaweka 1.0001? Hapo hakuna namba ya kawaida inayoifanya polinomia hiyo iwe sifuri. Mizizi imekuwa namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha namba hasi ndani yake.

Endelea kidogo. Weka mabano kumi yanayofanana, (x − 1) mara kumi. Yafungue yote, halafu ile namba ya mwisho ipunguze kwa sehemu moja ya bilioni kumi. Hicho ni kiasi ambacho vikokotoo vingi vya mfukoni haviwezi hata kukionyesha pembeni ya 1. Mzizi unaruka kutoka 1 hadi 1.1. Umesogea sehemu moja ya kumi.

Kwa hiyo mabano yanapofanana, au yanapokaribiana sana, mizizi huwa nyepesi kusukumwa. Hili wanahisabati walilijua zamani, na halikumshtua mtu. Mizizi iliyorundikana mahali pamoja, kila mtu alitegemea isumbue. Kilichoshtua ni mizizi ambayo haikurundikana, mizizi iliyopangwa kwa nafasi nzuri, moja, mbili, tatu, nne, mpaka ishirini.

Na hapo ndipo tunapofika Teddington, karibu na London, mwaka 1950. Katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza palikuwa na kompyuta mpya iliyoitwa Pilot ACE. Ilikuwa imetokana na mchoro wa Alan Turing, ingawa Turing mwenyewe alikuwa ameshaondoka pale, na iliendesha programu yake ya kwanza mwezi Mei mwaka huo. Mmoja wa walioijenga na kuitumia alikuwa James Wilkinson, mwanahisabati aliyeingia maabara hiyo mwaka 1946 akafanya kazi chini ya Turing.

Wilkinson alitaka kuijaribu mashine katika kazi ya kutafuta mizizi ya polinomia. Ukitaka kujaribu mashine mpya, unaipa swali gani? Bila shaka unaipa swali ambalo jibu lake unalijua, ili uweze kuisahihisha. Akachukua mabano ishirini: (x − 1), (x − 2), (x − 3), mpaka (x − 20). Akayafungua. Mizizi anaijua, imepangwa vizuri, hakuna miwili inayofanana. Swali rahisi la kuanzia. Mashine haikumpa mzizi wa 20 kama alivyotarajia, wala haikutulia karibu nayo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeitilia shaka programu, ungeikagua mstari kwa mstari. Programu haikuwa na kosa.

Hebu tuitazame polinomia yenyewe. Ukifungua mabano yale ishirini, kipande cha kwanza ni x kwa kipeo cha 20. Kinachofuata ni −210 mara x kwa kipeo cha 19. Ile 210 si namba ya ajabu. Jumlisha 1 na 2 na 3 mpaka 20, utaipata. Baada ya hapo koefisienti zinakua haraka sana, na ile ya mwisho kabisa, zao la 1 mara 2 mara 3 mpaka 20, ina tarakimu 19.

Wilkinson akaishika −210 peke yake. Akaiongezea sehemu moja kati ya 8,388,608, upande wa hasi. Kwa nini namba hiyo? Kwa sababu ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 23. Ukiiandika 210 kwa mfumo wa mbili, kwa tarakimu takriban 30 kama za mashine za wakati ule, basi kiasi hicho ni kama kugusa tarakimu ya mwisho kabisa. Kwa desimali, −210 imekuwa −210.0000001192. Koefisienti nyingine zote hakuzigusa.

Sasa sikiliza kilichotokea, polepole. Mzizi wa 1 ulibaki 1. Wa 2 ulibaki 2. Wa 3 na wa 4 vilevile, kwa tarakimu zote ambazo mtu angependa kuzitazama. Wa 5 ulipungua kidogo sana, ukawa 4.9999999. Wa 7 ukawa 6.9997. Wa 8 ukawa 8.007. Wa 9 ukashuka hadi 8.917; hapo tayari tumepoteza karibu sehemu moja ya kumi. Wa 20 ukapanda hadi 20.847. Na mizizi kuanzia 10 mpaka 19, yote kumi, haipo tena kwenye mstari wa namba. Imegeuka kuwa jozi tano za namba changamano. Jozi ya kwanza imekaa karibu na 10.1, nyingine karibu na 16.7, na ile ya 16.7 imekwenda mbali na mstari kwa karibu 2.8.

Narudia, kwa sababu ni rahisi kulisikia na kulipita. Koefisienti moja kati ya ishirini imeguswa kwenye desimali ya saba. Mizizi kumi kati ya ishirini imetoweka kwenye mstari wa namba.

Kwa nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana sababu yake inaonekana kwa macho ukiichora.

Chora mstari mlalo, uweke alama 1 mpaka 20. Polinomia ya Wilkinson inaukata mstari huo katika kila alama. Kati ya 8 na 9 iko juu ya mstari, kati ya 9 na 10 iko chini, kati ya 10 na 11 iko juu tena. Sasa uchukulie mstari ule kuwa ni usawa wa bahari. Kila mahali polinomia inapopanda juu kuna kisiwa, na kila mzizi ni ufuko, mahali maji yanapokutana na nchi kavu. Kisiwa cha kati ya 8 na 9 kina fuko mbili, moja kwenye 8, nyingine kwenye 9. Kisiwa cha kati ya 10 na 11 vivyo hivyo. Na upande wa kulia wa 20 kuna bara, nchi inapanda moja kwa moja hairudi.

Ulipoiongezea −210 kiasi kile kidogo, ulifanya nini? Uliyajaza maji. Lakini maji haya hayajai sawasawa kila mahali. Yamepanda kwa sehemu moja ya milioni nane, mara x kwa kipeo cha 19. Hicho kipeo cha 19 ndicho cha kutazama. Penye 1, 1 kwa kipeo cha 19 ni 1, kwa hiyo maji hayajapanda hata ya kulowesha unyayo. Penye 20, 20 kwa kipeo cha 19 ni namba yenye tarakimu 25. Igawe kwa milioni nane na ushee, bado unabaki na maji ya kimo cha trilioni 625,000. Kiasi kidogo ulichokiona kwenye koefisienti si kidogo kikishafika penye 20.

Sasa tupime visiwa viwili. Chukua kisiwa cha kati ya 8 na 9, upime katikati yake, penye 8.5. Kimo chake ni karibu bilioni 611. Na maji pale yamepanda kiasi gani? Karibu bilioni 54. Kisiwa kimelowa kando, ufuko wa 9 umerudi ndani mpaka 8.917, lakini kisiwa bado kipo. Kwa hiyo mizizi yake miwili bado ipo.

Nenda kisiwa kinachofuata, kati ya 10 na 11. Hiki unaweza kukipima mwenyewe ukiwa na kikokotoo. Katikati yake ni 10.5. Umbali kutoka 10.5 hadi mizizi ya kushoto ni 0.5, 1.5, 2.5, mpaka 9.5, na kulia ni umbali uleule. Zidisha 0.5 mara 1.5 mara 2.5 mpaka 9.5, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Utapata karibu bilioni 409. Hicho ndicho kilele cha kisiwa. Na maji? Chukua 10.5 kwa kipeo cha 19, ugawe kwa 8,388,608. Ni trilioni 3. Kisiwa cha bilioni 409, maji ya trilioni 3. Maji yamekizidi kisiwa zaidi ya mara saba. Kisiwa kimezama, na kisiwa kikishazama hakina ufuko. Mizizi ya 10 na 11 imeondoka pamoja, kama jozi, kwa sababu fuko mbili za kisiwa kimoja hupotea pamoja.

Hesabu visiwa vilivyo kulia: cha 10 na 11, cha 12 na 13, cha 14 na 15, cha 16 na 17, cha 18 na 19. Vitano. Vyote vimezama, na ndiyo mizizi kumi iliyotoweka. Ufuko wa bara uliokuwa 20 umerudi nyuma hadi 20.847. Hakuna ajabu tena, sivyo? Ajabu iliyokuwapo ni kwamba tuliitazama koefisienti, hatukutazama inazidishwa na nini.

Bilioni 409 inasikika kubwa. Lakini fikiria imepatikanaje kutoka kwenye polinomia iliyofunguliwa mabano. Kila kipande cha polinomia, penye 10.5, ni namba kubwa mno, vingine vya kujumlisha na vingine vya kutoa. Ukivijumlisha ukubwa wake bila kujali alama, unapata namba ya tarakimu 27. Ukiviweka na alama zake, vinakatana, na kinachobaki ni hiyo bilioni 409, yenye tarakimu 12. Tarakimu 15 za mbele zimekatana zote. Jibu lote limejificha katika mikia ya zile namba. Sasa anayegusa mkia wa koefisienti, kwa kukadiria au kwa kukata desimali, anagusa jibu lenyewe.

Hapo utaniuliza: hiyo ilikuwa mashine ya 1950, kompyuta za leo je? Kompyuta ya leo, kwa hesabu zake za kawaida, hushika tarakimu 15 au 16 hivi. Na tumesema tarakimu 15 zinakatana. Unabakiwa na nini? Ukiifungua polinomia hii kwenye programu ya kisasa halafu ukaiambia itafute mizizi, mizizi ya mwanzo itatoka safi, lakini kuanzia katikati kwenda juu, karibu na 14, 15 na 16, makosa huwa yanaonekana kwenye desimali ya pili. Mashine imebadilika sana, polinomia ni ileile.

Na je, tukitumia tarakimu nyingi zaidi, 50 au 100, tutapona? Inategemea, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Kama koefisienti unazijua kamili, kwa mfano umezipata kwa kufungua mabano yenye namba nzima, basi ndiyo, tarakimu nyingi zitakuokoa. Lakini kama koefisienti zimetoka kwenye kipimo, au zimekwisha kukadiriwa na mtu kabla hazijakufikia, tarakimu nyingi hazikusaidii hata kidogo. Utapata mizizi sahihi kabisa, tarakimu 100, ya polinomia ambayo si yako. Kosa haliko tena kwenye mashine wala kwenye njia ya kukokotoa. Liko kwenye swali lilivyoandikwa.

Kuna mtego mwingine hapo. Mwalimu alitufundisha kusahihisha jibu kwa kulirudisha kwenye mlinganyo: ukipata sifuri, umepatia. Kwenye polinomia hii njia hiyo inapotosha. Penye 20, mwinamo wa polinomia ni zao la 1 mpaka 19, namba yenye tarakimu 18. Ukikosea mzizi kwa sehemu moja tu ya milioni, ukairudisha 20.000001 kwenye polinomia, hupati karibu na sifuri. Unapata zaidi ya bilioni 121. Mtu angelitupa jibu zuri kabisa kwa kudhani ni baya.

Sasa usitoke hapa ukidhani kwamba kila polinomia yenye mabano mengi ina tabia hii. Wilkinson mwenyewe alionyesha mfano wa kinyume, na mimi naupenda zaidi ya ule wa kwanza. Chukua mabano ishirini tena, lakini mizizi yake iwe nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, kila mmoja nusu ya uliotangulia, mpaka ishirini itimie. Miwili ya mwisho imekaribiana mno. Kati yake hakuna hata sehemu moja ya milioni. Kwa macho ungesema hii ndiyo polinomia mbaya kuliko zote. Kumbe ni mpole. Iguse ile koefisienti ya pili kwa sehemu ileile moja ya milioni nane, mzizi wa nusu utasogea chini ya sehemu moja ya milioni mbili, na iliyo midogo nayo haitasogea kuzidi hapo. Ukibadilisha kila koefisienti kwa uwiano mdogo, kila mzizi hubadilika kwa uwiano mdogo.

Kwa nini basi? Kwa sababu ukaribu unaohesabika si umbali wa rula. 19 na 20 zimeachana kwa 1, lakini ukizigawa, moja kwa nyingine, ni karibu sawa. Moja ya nane na moja ya kumi na sita zimeachana kwa kiduchu, lakini moja ni mara mbili ya mwenzake. Mizizi inayofanana kwa uwiano ndiyo inayosukumana. Ndiyo maana 1, 2 na 3 katika polinomia ya kwanza hazikutikisika, na 14, 15, 16 zikaondoka.

Somo hili lilibadili kazi ya watu wa hesabu za kompyuta. Wahandisi hutafuta namba fulani za matriksi zinazosema, kwa mfano, daraja litatetema kwa kasi zipi. Njia iliyofundishwa vitabuni ilikuwa kuigeuza matriksi kuwa polinomia, kisha kutafuta mizizi yake. Sasa fikiria matriksi yenye 1, 2, 3 mpaka 20 kwenye ulalo wake na sifuri kwingine kote. Namba wanazozitafuta ni hizohizo 1 mpaka 20. Ukiitikisa matriksi hiyo kwa kiasi kidogo, huku ukiiacha na ulinganifu wake juu na chini ya ulalo, namba zile hazisogei kuzidi kiasi ulichotikisa. Ni imara. Lakini ukiigeuza kuwa polinomia kwanza, umeibeba kutoka mahali imara ukaiweka mahali ambapo desimali ya saba inafuta nusu ya majibu. Kwa hiyo njia hiyo iliachwa. Kuanzia miaka ya 1960 matriksi hushughulikiwa yenyewe, kwa njia iliyogunduliwa na John Francis huko Uingereza na Vera Kublanovskaya huko Leningrad, kila mmoja kivyake. Na leo mambo yamepinduka: programu nyingi ukizipa polinomia, huigeuza kwanza kuwa matriksi ndipo zitafute mizizi. Hilo lisikudanganye lakini. Kama koefisienti zimeshakadiriwa, matriksi hairudishi kilichopotea.

Wilkinson alipewa tuzo ya Turing mwaka 1970. Mwaka 1984 aliandika insha ndefu juu ya kisa hiki, ambamo polinomia ameiita haini, na insha hiyo ikapewa tuzo ya Chauvenet ya wanahisabati wa Marekani mwaka 1987. Hakuiona tuzo hiyo. Alifariki mwaka 1986.

Msikilizaji, muda wetu unakwisha, nami nina ombi kwako, hasa wewe mwanafunzi au mhandisi unayetumia programu kutafuta mizizi. Ukipata majibu, usiyapeleke bado. Rudi kwenye koefisienti zako, ibadilishe moja kwenye tarakimu yake ya mwisho, uendeshe programu tena. Kisha ibadilishe nyingine. Weka majibu ubavu kwa ubavu, uandike kwenye ripoti zile tarakimu tu ambazo hazikucheza. Na kama mwanzoni ulikuwa na mabano, usiyafungue. Kwaheri.